SOMO: KUPANGA TANGAZO REFU LISOMEKE KATIKA SIMU NDOGO

Wanachama wengi siku hizi hupata habari za chama kwa WhatsApp. Tangazo huandikwa na katibu wa tawi, kisha husomwa na mwanachama akiwa chini ya mkarafuu, jua kali limempiga kioo, na mkono mmoja umeshika pakacha. Kioo chenyewe ni chembamba: mstari mmoja huchukua kama maneno manne au matano tu. Tena tangazo likiwa refu, WhatsApp hulikata na kuweka maneno “Soma zaidi”. Yaliyo chini ya hapo hayaonekani mpaka msomaji ayabonyeze, na wako wasiobonyeza. Basi somo letu la leo ni namna ya kulipanga tangazo ili lisipoteze mtu.

Tutazame mfano. Chama kimekodi gari la kukusanya karafuu, na siku imebadilishwa. Katibu aandika hivi:

“Wanachama wote mnaarifiwa kwamba kamati ilikutana na baada ya mazungumzo marefu kuhusu gari la karafuu lililotangazwa kuwa litapita Alkhamisi imeonekana kuwa siku hiyo haitafaa hivyo litapita Jumamosi tarehe 14 Novemba likianza Konde saa 2 asubuhi na Wete saa 4 na Chake Chake saa 6 mchana na karafuu ziwe kavu na zimechambuliwa makonyo na kila gunia liandikwe jina...”

Habari zote zimo, lakini siku ya kwanza anayokutana nayo msomaji ni Alkhamisi, nayo ndiyo siku iliyofutwa. Mwanachama wa Wete akiishia hapo atateremsha magunia yake barabarani siku mbili kabla ya gari, na hizi ni mvua za vuli. Karafuu alizozianika kwa siku kadhaa zikirowa, huvunda na kupoteza daraja. Kwa hiyo mpango wa tangazo si pambo.

KWANZA: JIBU LITANGULIE

Mstari wa juu useme jambo lenyewe: nini, siku gani. Maelezo ya kamati yaende chini, au yaachwe kabisa. Siku iliyofutwa isitajwe kabla ya siku mpya.

PILI: HERUFI NZITO

Ukitaka neno litoke kwa herufi nzito katika WhatsApp, weka alama ya nyota mbele yake na nyingine nyuma yake:

```
*Jumamosi 14 Novemba*
```

Ukishapeleka, nyota hupotea na maneno huwa mazito. Yako mambo mawili yanayoharibu. La kwanza ni nafasi: nyota lazima iguse neno. Ukiandika nyota, kisha nafasi, kisha neno, herufi hazikozi. Na ikiwa ni mwanzo wa mstari, simu hudhani unaanza orodha, ikaweka nukta badala yake. La pili ni kuvuka mstari. Nyota iliyofunguliwa katika mstari mmoja haifungwi katika mstari wa pili. Kila mstari uwe na jozi yake. Dalili ya kosa ni rahisi kuiona: nyota yenyewe inabaki kwenye kioo.

Je, maneno gani yakozwe? Yale tu ambayo mtu akiyakosa atapata hasara: siku, mahali, na sharti moja kubwa. Ukikoza tangazo zima, jicho halioni pa kushika, ni sawasawa na kutokoza hata neno moja.

TATU: ORODHA

Mahali patatu na saa tatu zikifuatana katika sentensi moja, msomaji huchanganya saa ya Wete na ya Chake Chake. Kila kituo kipewe mstari wake. Anza mstari kwa kistari na nafasi moja, nayo WhatsApp itageuza kistari kuwa nukta ya orodha. Desturi hii ilianza mwaka 2024. Simu yenye WhatsApp ya zamani zaidi itaonyesha kistari kama kilivyo, na bado husomeka vizuri.

Namba 1, 2, 3 ziwekwe pale tu mambo yanapofanywa kwa taratibu: hili kwanza, lile baadaye. Vituo huhitaji kistari. Kazi za kutayarisha gunia huhitaji namba. Andika namba, nukta, kisha nafasi. Na kila mstari wa orodha uwe mfupi, usizidi mistari miwili ya kioo.

NNE: VIUNGO

Kiungo ni anwani ambayo mtu akiibonyeza hufunguka fomu, ramani au namba. Katika WhatsApp anwani huonekana yote kama ilivyo, haifichwi nyuma ya neno. Kwa hiyo sema kwanza inafungua nini, halafu uiweke anwani peke yake katika mstari wake. Usiizungushie nyota, wala usiache nafasi katikati yake, kwani kitakachofuata nafasi hakitahesabiwa kuwa sehemu ya kiungo. Viungo viwili vinatosha. Vikizidi, watu hubonyeza kisichokuwa chao.

Kiungo kinachofaa sana ni cha kumwandikia katibu bila ya kuhifadhi namba yake. Andika https://wa.me/ kisha namba ya simu yenye 255 mbele. Ile 0 ya mwanzo hutolewa, na alama ya kujumlisha, vistari na nafasi havitiwi.

TANGAZO LIKISHAPANGWA

```
*GARI LA KARAFUU: Jumamosi 14 Novemba*
Siku iliyotangazwa kwanza imefutwa.

*Vituo*
- Konde: saa 2 asubuhi
- Wete: saa 4 asubuhi
- Chake Chake: saa 6 mchana

*Kabla ya kuja*
1. Kausha karafuu vizuri.
2. Chambua makonyo.
3. Andika jina lako kwenye gunia.

*Karafuu mbichi hazitapakiwa.*

Kwa swali, mwandikie katibu:
https://wa.me/255000000000
```

(Sifuri hizo ni za mfano, weka namba ya katibu wako.) Angalia kwamba kati ya fungu na fungu pameachwa mstari mtupu. Nafasi hiyo ndiyo inayompumzisha msomaji, naye wa Wete huona saa yake kwa mara moja.

KABLA YA KUPELEKA

Jipelekee mwenyewe tangazo kwanza, katika mazungumzo yako mwenyewe ya WhatsApp, ulitazame katika simu ndogo kuliko zote zilizo nyumbani. Tazama mambo matatu: siku inaonekana bila ya kubonyeza “Soma zaidi”? Iko nyota iliyobaki? Kiungo kinafunguka? Ukishapeleka kwa kundi una dakika 15 tu za kulisahihisha. Zikipita, hapana budi upeleke jipya, na la zamani ulifute ili yasibaki mawili yanayopingana.

Wako pia wanachama wenye simu za vitufe, ambao hupata meseji ya kawaida. Huko hakuna herufi nzito, na nyota zote zitabaki. Kwao ondoa nyota, fupisha, na siku uiandike kwa herufi kubwa. Meseji moja huchukua herufi 160, basi siku, kituo chao na saa yake vyatosha.

ZOEZI. Chukua tangazo la mwisho la tawi lako. Tafuta siku iko mstari wa ngapi, kisha lipange upya kama tulivyofanya hapa, na mpe jirani alisome. Muulize swali moja tu: “Lini, na wapi?” Akijibu bila ya kurudi kutazama, tangazo limekwisha kuwa tayari.