Dondoo muhimu: Saa ya msomaji wa Goma

Anayeonyesha ratiba kwenye tovuti aanze kwa kukiuliza kivinjari ukanda wa saa:

```
Intl.DateTimeFormat().resolvedOptions().timeZone
```

Simu iliyowekwa saa ya Goma hujibu `Africa/Lubumbashi`, yaani UTC+2. Anwani ya IP huonyesha tu mahali mtandao unapodhaniwa kuwa. Kongo ina kanda mbili za saa, na mtandao wa simu ukipitia Kinshasa, ambako ni UTC+1, somo la saa nane mchana litaandikwa saa saba. Msomaji wa Goma atafika saa nzima kabla ya wakati.

VPN nayo huipotosha IP papo hapo, ilhali kivinjari kwa kawaida huendelea kufuata saa ya kifaa.

Hata hivyo, kivinjari nacho hukosea. Msafiri aliyezima urekebishaji wa saa wa moja kwa moja hubaki na ukanda wa alikotoka, na Tor hufuata saa ya UTC popote ulipo.

Kwa hiyo kivinjari kitangulie, IP iwe akiba. Majibu yakipingana, muulize msomaji, uhifadhi chaguo lake. Na daima andika jina la ukanda kando ya saa.