Dijonkteri gani inapashwa kuruka kwanza?

Wengi wenu mnajua mambo hii: waya mbili zinagusana ku atelie ya mbao, na pale pale kiwanja kizima kinaingia giza, hata dispanseri ambayo haina kosa lolote. Wanafunzi wanauliza: sababu gani dijonkteri ya mbali iliruka, na ile ya karibu iko pale pale? Tutajibu kwa mfano mmoja.

Tuchukue mstari mmoja wa umeme. Ku mwanzo, karibu na transfo kubwa, kuna posti A. Mbele yake kuna posti B, halafu wateja. Kila posti iko na dijonkteri, na rele inayoipa amri ya kukata. Waya zikigusana mbele ya B, umeme wote wa lile kosa unapita kwanza ndani ya A, kisha ndani ya B. Basi rele zote mbili zinaona ampere zile zile, na zote mbili zinaanza kuhesabu pamoja. Haziwezi kujua kosa liko wapi. Kitu kinachozitenganisha ni saa tu: B inapashwa kumaliza kuhesabu mbele ya A.

Katika rele za zamani, kinachohesabu ni kisahani cha chuma chepesi kinachozunguka. Ampere zikiwa nyingi, kinakwenda mbio. Zikiwa chache, kinakwenda polepole. B ikikata, ampere zinashuka, na kisahani cha A kinarudi nyuma mbele ya kufika mwisho.

Muda wa rele ya namna ile, katika mstari wa kawaida, unapatikana hivi:

t = K × 0,14 / ((I/Is)^0,02 − 1)

I ni ampere za kosa. Is ni ampere ambazo tumeziweka kusudi rele ianze kuamka. K ni namba tunayochagua kwa kugeuza kifungo, na ndiyo inayorefusha au kufupisha muda.

Tuseme kosa kubwa kabisa mbele ya B ni ampere 2000. Ku B tunaweka Is = 200 na K = 0,1. Kosa ni mara 10 ya Is, na hesabu inatoa sekunde 0,30 hivi.

Sasa A ingoje muda gani? Hapa ndipo watu wanakosa: wanafikiri kidogo tu kinatosha. Lakini dijonkteri ya B yenyewe inahitaji karibu sekunde 0,1 kufunguka na kuzima moto wake. Tena kisahani cha A hakisimami pale pale, kinasukumwa mbele kidogo na mwendo wake, kama baiskeli uliyoacha kukanyaga. Tena rele na transfo ndogo za kupimia haziko sawasawa kabisa. Ndiyo sababu kwa rele za kisahani tunaacha sekunde 0,4. Kwa rele mpya za elektroniki 0,3 inaweza kutosha.

A basi inapashwa kungoja 0,30 + 0,40 = 0,70. Is yake ni 400, kwa kuwa inabeba na wateja wengine. Ampere 2000 ni mara 5. Kwa K = 1 rele ingengoja sekunde 4,28; tunagawanya 0,70 kwa 4,28, tunapata 0,164. Tunapandisha hadi 0,17, na A itakata kwa sekunde 0,73.

Mtu atasema: kosa likiwa karibu na A, ambapo ampere ni 6000, si tutaunguza vyombo kwa kungoja? Hapana, ni mara 15 ya Is, na A inakata kwa sekunde 0,43. Rele za muda usiobadilika hazina faida ile: posti ya kwanza, penye moto mkali zaidi, ndiyo ingengoja kupita zote.

Lakini tuangalie mwaka wanapoongeza transfo ya pili ku mwanzo. Kosa mbele ya B linapanda kufika ampere 4000. B sasa inakata kwa 0,23, na A kwa 0,51. Nafasi imebaki 0,28 tu! Hakuna aliyegusa kifungo, lakini A na B zinaweza kuruka pamoja.

Namna ya kutambua: mbele ya kurudisha umeme, tazameni vibendera vidogo vya rele. Kikianguka cha B peke yake, kazi ilikwenda vizuri. Vikianguka vyote viwili, hesabu ifanywe upya kwa ampere mpya. Kikianguka cha A peke yake, ulizeni kwanza kama kosa halikuwa kati ya A na B, kwa sababu pale A ndiyo ya karibu. Kama kosa lilikuwa mbele ya B kweli, pimeni betri inayoipa B nguvu ya kukata.