Salamu za Rambirambi kwa Mtumishi Mwenzako

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kinyambo, na Kiswahili huja baadaye, shuleni na kazini. Mtumishi wa afya huweza kumweleza mgonjwa dozi kwa Kiswahili bila kusita, lakini mwenzake anapofiwa, maneno humwadimikia.

Chukua mfano wa mtaalamu wa maabara, mzaliwa wa Kyerwa, anayemwandikia muuguzi aliyemzidi umri, mwenyeji wa Tanga na Mwislamu, aliyefiwa na baba. Rasimu yake ya kwanza ni hii: "Sista, pole kwa kufa baba yako. Jikaze, usilie. Alikuwa anaumwa nini? Mlichelewa kumfikisha hospitali?"

Kosa la kwanza ni la kitenzi. "Kufa" humtaja aliyekufa peke yake, tena kwa ukavu. Kiswahili kina "kufiwa", kinachomweka aliyebaki katikati ya sentensi: "pole kwa kufiwa na baba". Anayekufa "amefariki dunia", naye huitwa marehemu. Ukiwalenga jamaa wote, andika "poleni".

Kosa la pili ni zito zaidi, na wataalamu wa tiba ndio hulifanya mara nyingi, kwa mazoea ya kuchukua historia ya mgonjwa. Muuguzi aliyefiwa huenda tayari anajiuliza ni dalili gani iliyompita machoni. Swali la ugonjwa au la kuchelewa humsikika kama lawama. Akitaka kusimulia, atasimulia mwenyewe. "Usilie" nayo humnyima haki ya kuomboleza.

Dua nayo huchaguliwa. "Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi" husemwa na wengi. Kwa Mwislamu, "Mwenyezi Mungu ampe kauli thabiti" humkaa vema. Dini isipojulikana, kuomba faraja na subira kwa wafiwa kunatosha.

Rasimu iliyosahihishwa ikawa hivi:

"Sista, shikamoo. Nimepokea kwa masikitiko taarifa za kufiwa na baba. Poleni sana, wewe na familia yote. Mwenyezi Mungu ampe marehemu kauli thabiti, nanyi awape subira. Zamu zako za usiku za Jumatano na Ijumaa nitazishughulikia. Nimekwisha kuzungumza na kiongozi wa wodi, naye amepata wa kukushikia. Usisumbuke kujibu."

Ahadi ya zamu ina siku na ina mtu aliyekubali, ndiyo maana haifanani na "ukihitaji lolote niambie", ambayo humwachia mfiwa kazi ya kuomba.

Kabla ya kutuma, msemaji wa Kinyambo asome upya l na r, maana "airaze" huponyoka kwa urahisi. Na kwa kuwa rambirambi ni pia jina la fedha za mchango, zitumwe kando, saa nyingine, ili salamu isisomeke kama stakabadhi.