Mashini ya kusaga: kulipa mara moja ao kukopa?

Ndugu memba, koperative moja ya hapa Malemba-Nkulu inataka mashini ya kusaga mahindi na mihogo. Bei yake, pamoja na kuileta kwa bwato toka Bukama, tuseme ni dolari 1.200. Feza hiyo iko katika akiba, na inaleta intere ya 5 kwa 100 kwa mwaka. Mtu mmoja anasema: «Tusiguse akiba, tukope, maana akiba inazaa.» Ni kweli inazaa. Lakini tuhesabu pamoja.

Njia ya kwanza: kukopa. Tuseme deni ni 1.200 kwa miezi 12, intere ni 2 kwa 100 kila mwezi juu ya deni linalobaki. Kila mwezi mnarudisha 100 na intere yake. Mwezi wa kwanza intere ni 24, wa pili 22, inashuka hivyo mpaka 2. Jumla ya intere ni dolari 156. Akiba nayo imezaa 60. Mwisho wa mwaka muko na mashini, na akiba imekuwa 1.260.

Njia ya pili: kulipa mara moja. Akiba inaisha. Lakini feza ya mashini ambayo ingelipa deni, yaani 124 mwezi wa kwanza, 122 wa pili, mnaiweka katika akiba kila mwezi. Kwa mwaka mmeweka 1.356, na intere karibu 32. Mwisho muko na mashini, na akiba ni 1.388.

Tofauti ni dolari 128. Wengi wanakosea hapa: wanaona ile 60 tu, wanasahau kwamba feza ya kulipa deni nayo ingeweza kuzaa.

Angalisho mbili. Kama mkopeshaji anahesabu 2 kwa 100 juu ya 1.200 nzima kila mwezi, hata kama mmekwisha kurudisha nusu, intere ni 288, si 156. Muombe karatasi ya malipo ya kila mwezi, muone kama intere inashuka. Na muulize feza ya dosie: hiyo pia ni bei ya deni.

Lakini kulipa mara moja kunashinda tu kama mnaweka kweli kila mwezi. Mkila feza hiyo, mwaka utaisha na mashini moja na sanduku tupu. Na kama feza ya mbegu ya mwezi wa kumi iko ndani ya ile 1.200, musiimalize. Mnaweza kulipa 600, mukakopa 600: intere inakuwa 78, na mbegu haikosi.

Basi kabla ya kutia sahihi, karani aandike njia zote mbili mbele ya mkutano, memba wote waone mwisho wa mwaka kunabaki ngapi.