Andika Kabla Hujabonyeza

Muhula uliopita dada yangu aliniachia kazi ya kutangaza madera yake mtandaoni. Tulikuwa tunalipia shilingi 10,000 kwa siku, na wateja kama 20 walikuwa wanatuma ujumbe kila siku. Kwa hiyo kila mteja alitugharimu shilingi 500. Nikanogewa. Ndani ya wiki moja nikapandisha bajeti hadi 20,000, nikatanua umri wa walengwa kutoka 25–40 hadi 18–55, halafu nikatoa picha nikaweka video.

Wiki iliyofuata wateja wakashuka hadi 16 kwa siku, kila mmoja shilingi 1,250. Dada akauliza, "Mdogo wangu, hela yangu imeenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilihisi video ndiyo mbaya, lakini hata siku niliyoiweka sikuikumbuka.

Hapo ndipo nilipofungua daftari. Kila badiliko lina mstari wake: tarehe na saa, nilichogusa, kilivyokuwa, kilivyo sasa, sababu, na ninachotarajia. Jukwaa la matangazo hutunza historia yake, ila linaonyesha nini kilibadilika na lini. Kwa nini, halijui. Safu ya matarajio lazima uijaze kabla ya kubonyeza, la sivyo matokeo yakishatoka utajitungia sababu.

Nikarudisha kila kitu kama mwanzo, nikasubiri wiki nzima hadi gharama ikarudi 500 hivi. Kisha nikawa nagusa kitu kimoja tu, halafu naacha siku saba. Kusubiri kuna maana: ukifanya badiliko kubwa, mfumo huanza upya kujifunza nani wa kumwonyesha tangazo, na siku za mwanzo gharama huyumba. Pia Jumatatu hailingani na Jumamosi, ndiyo maana nalinganisha wiki kwa wiki.

Video ikaja kwanza: gharama ikawa 480. Kumbe niliisingizia! Nikatanua umri: ikapanda hadi 900. Nilipochambua kwa umri, nikaona hela nyingi imekimbilia wa miaka 18–24, ambao walikuwa wanauliza bei na kupotea. Nikarudi kwenye 25–40, ndipo nikapandisha bajeti, kidogo kidogo.

Daftari lina mipaka yake. Linakuonyesha kilichotangulia, na kilichotangulia si lazima kiwe ndicho kilichosababisha. Ndiyo maana naandika hata mambo ya nje: mwisho wa mwezi, sikukuu, dada kupandisha bei, simu ya duka kuzimika. Kuna Alhamisi wateja waliporomoka na mimi sikuwa nimegusa kitu. Mstari wa siku hiyo unasema: "Umeme ulikatika, simu ilizima tangu saa nne hadi saa kumi." Bila mstari ule, ningeibadilisha video nzuri bure.