Kijana Akizirai Juani: Mlaze Chini, Tazama Saa, Kumbuka Ulichokiona

Kati ya Januari na Machi, jua la Mtongwe huwa kali hata kabla ya saa tatu asubuhi. Nyuzi za joto zinaweza kupita 30, na unyevu wa bahari hufanya jasho litiririke bila kukauka, kwa hiyo mwili haupoi upesi. Huu ndio msimu wa mashindano ya michezo shuleni, na pia ndio msimu ambao walimu huona wanafunzi wakianguka kwenye paredi.

Tuchukue mfano, nao si wa mtu fulani. Msichana wa miaka 15 amesimama mstarini dakika 30 hivi akisikiliza matangazo. Alitoka nyumbani bila kunywa chai. Anaanza kupiga miayo, kisha anahisi kichefuchefu, masikio yanavuma na macho yanaingia giza. Mwenzake anaona uso umemparara na jasho jembamba limejaa kwenye paji. Kabla hajasema neno, yuko chini.

Kilichotokea ni hiki. Mtu akisimama wima bila kusogea, damu huteremka na kukaa miguuni. Kwa kawaida misuli ya ndama za miguu huisukuma irudi juu kila tunapopiga hatua, lakini kwenye paredi misuli hiyo haifanyi kazi. Joto nalo hupanua mishipa ya ngozi, na jasho hupunguza maji ya mwilini. Damu inayorudi kwenye moyo ikipungua sana, mwili wa baadhi ya watu, hasa vijana, hukosea hesabu: badala ya moyo kwenda mbio, hupunguza mwendo ghafla na mishipa hulegea. Ubongo hukosa damu kwa sekunde chache na mtu huzirai. Akishalala chini, damu haihitaji tena kupanda, na fahamu hurudi, mara nyingi kabla dakika moja haijaisha.

Kwa hiyo kule kuanguka ni nusu ya tiba. Kosa tulilozoea ni kumharibia. Nilipokuwa shuleni nilimwona mwenzetu akizirai, nasi tukamshika makwapa, tukamsimamisha na kumburura hadi kwenye kiti. Macho yakampinduka tena. Tulidhani hali imezidi, kumbe tulikuwa tunaizuia damu isifike kichwani.

Mlaze chali pale pale, au mbebe akiwa amelala hadi kwenye kivuli kilicho karibu. Tazama kama anapumua vizuri. Kama anapumua, inua miguu yake juu ya begi au kiti, kiasi cha futi moja, legeza tai, mkanda na vifungo vya shingoni, kisha waambie wenzake watawanyike ili apate hewa. Akitapika, au akiwa mjamzito, mlaze kwa ubavu. Usimwekee chochote mdomoni, si maji, si sukari, si kijiko, mpaka awe macho kabisa na aweze kumeza mwenyewe. Kitunguu puani na makofi mashavuni havisaidii kitu.

Muhimu kuliko yote hayo, tazama saa. Wakati wa mshtuko sekunde 20 huonekana kama dakika tano, na baadaye tabibu atakuuliza. Ikipita dakika moja bila kuzinduka, piga 999 au 112. Kama hapumui, au anatweta kwa kukatakata, usingoje hata dakika hiyo moja: mwombe mtu apige simu, nawe anza kumkandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Mikono au miguu inaweza kurukaruka kwa sekunde chache wakati wa kuzirai. Watu huona hivyo wakasema ni kifafa, wengine wakasema kapandisha mashetani, na mtoto huyo huishi na jina hilo miaka. Tofauti ipo. Aliyezirai hurukaruka kidogo tu, na akizinduka anajua alipo na anamtambua aliye mbele yake, ingawa ni mchovu. Mwenye degedege la kifafa hutikisika kwa muda mrefu zaidi, huweza kujiuma pembeni mwa ulimi, na baadaye hubaki amechanganyikiwa dakika kadhaa. Wote hawa wanaweza kujikojolea, kwa hiyo hilo peke yake lisikuamulie.

Jambo jingine la kutofautisha ni kupigwa na joto. Kijana ambaye mwili wake unachoma kama pasi, anayeropoka au asiyezinduka, hana tatizo la kusimama tu. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee na mpelekeni hospitali mara moja.

Turudi kwa msichana wetu. Amezinduka baada ya nusu dakika. Abaki amelala dakika 10 hadi 15, kisha akae, anywe maji taratibu, ndipo asimame. Akiharakishwa ataanguka tena. Kagua kama amejigonga kichwa. Siku hiyo asikimbie uwanjani, na asirudi nyumbani peke yake.

Je, apelekwe hospitali? Kama ni mara ya kwanza, alihisi dalili kabla ya kuanguka, alikuwa amesimama muda mrefu, amezinduka upesi na hakuumia, hatari ni ndogo. Hata hivyo ni vyema tabibu amwone siku zinazofuata. Katika mfano wetu mama alieleza kwamba hii ni mara ya pili kwa muhula, na kwamba hedhi ya binti ni nzito. Tabibu alimpima shinikizo la damu akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na akapima damu. Hemoglobini ilikuwa gramu 9, ilhali kwa msichana wa umri wake ilitakiwa kuwa 12 au zaidi. Jua lilimwangusha, lakini upungufu wa damu ndio uliomweka ukingoni. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, na hedhi yake ikaanza kushughulikiwa.

Sasa badilisha jambo moja tu. Kaka yake anaanguka akiwa katikati ya kukimbiza mpira, bila miayo wala kizunguzungu. Huyu asiambiwe ni jua. Kuzirai wakati wa mazoezi, kuzirai bila onyo lolote au ukiwa umelala, moyo kwenda mbio au kifua kuuma kabla ya kuanguka, au kuwa na jamaa wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana, yote haya yanaelekeza kwenye moyo. Aende hospitali siku hiyo hiyo, na asicheze tena mpaka apimwe umeme wa moyo. Kipimo hicho hakiumi, huchukua dakika chache, na kinafaa pia kwa yeyote anayezirai mara kwa mara. Picha ya kichwa, ambayo wazazi huomba kwanza, mara nyingi haisaidii kama kijana hakujigonga wala hana dalili za ubongo. Mwenye selimundu, kisukari au mimba naye asisubiri nyumbani.

Ndiyo maana anayefaa kufuatana na mgonjwa, iwe ni kwenye zahanati jirani au hospitali ya Likoni, ni yule aliyemwona akianguka. Asipoweza kwenda, mwalimu aandike kwenye karatasi: alikuwa akifanya nini, alisema anahisi nini, rangi ya uso, alikaa chini muda gani, alizinduka vipi.

Kwa paredi ijayo, matangazo yasomwe kivulini au wanafunzi wakiwa wameketi, hasa mwezi wa Ramadhani ambapo wengine wamefunga. Mwanafunzi anayeanza kuona giza apishanishe miguu, abane mapaja na makalio na kukunja ngumi kwa nguvu, na kama giza haliondoki, achutame au alale chini bila kusubiri ruhusa.