Kipimo kilekile, majibu tofauti: kukokotoa ubora wa kipimo cha malaria

Zoezi la kutathmini kipimo cha maabara huwa na hesabu nyepesi, kujumlisha na kugawanya tu. Wanafunzi wengi huanguka kwenye namba ya kugawia. Kwa hiyo usianze na fomula. Anza na jedwali, kisha jiulize kila mara: hawa ninaowahesabu nimewatoa katika kundi gani?

Tuchukue kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu la kidoleni na mistari miwili kwenye kikasha. Tuseme zoezi linasema hivi: wagonjwa 400 wenye homa walifika zahanati mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akapimwa kwa kipimo cha haraka, na damu yake ikasomwa pia kwa hadubini. Hadubini ndiyo kipimo rejea, yaani tunakubali kwamba jibu lake ndilo ukweli.

```
                 Ana malaria   Hana malaria   Jumla
Kipimo chanya         95            30          125
Kipimo hasi            5           270          275
Jumla                100           300          400
```

Unyetifu ni uwezo wa kipimo kuwanasa wenye ugonjwa. Swali linahusu wagonjwa peke yao, kwa hiyo tunabaki kwenye safu yao na kuishuka: 95 ÷ 100, sawa na 95%. Umahususi ni uwezo wa kipimo kuwapa jibu hasi wasio na ugonjwa. Tunashuka safu ya pili: 270 ÷ 300, sawa na 90%.

Thamani za utabiri zinajibu swali jingine, lile la tabibu aliyeshika kikasha mkononi na asiyejua ukweli wa hadubini. Yeye anaona mistari miwili, basi. Kati ya wote walioonyesha hivyo, wangapi kweli wana malaria? Sasa tunasoma mstari kwa mlalo: 95 ÷ 125, sawa na 76%. Hiyo ndiyo thamani ya utabiri chanya. Ile ya utabiri hasi ni 270 ÷ 275, yaani 98.2%. Ukiona mtu ameandika 95% kama thamani ya utabiri chanya, jua amegawia 100 mahali pa 125. Kuwa mwangalifu pia na maswali yanayogeuza jedwali, wagonjwa wakawekwa kwenye mistari na majibu ya kipimo kwenye safu. Anayekariri "shuka, kisha mlalo" bila kusoma vichwa vya jedwali atakosa yote manne.

Sasa peleka kipimo hichohicho mahali penye malaria kidogo. Tuseme kati ya watu 1,000 wanaopimwa, 20 tu ndio wagonjwa. Unyetifu wa 95% unanasa 19. Wasio wagonjwa ni 980, na kwa kuwa umahususi ni 90%, 98 kati yao watapata jibu chanya la uongo. Majibu chanya yote ni 117, na ya kweli ni 19: thamani ya utabiri chanya imeporomoka hadi 16.2%. Hakuna kilichobadilika ndani ya kikasha. Kilichobadilika ni wingi wa ugonjwa katika watu wanaopimwa.

Wale chanya wa uongo si lazima wawe wametokana na uzembe. Vipimo vingi vya haraka hutafuta protini iitwayo HRP2, inayotolewa na kimelea cha Plasmodium falciparum, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona. Hadubini haioni kimelea, kipimo kinaonyesha mstari. Upande wa pili, kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, na hivyo hupita bila kuonekana na kuongeza hasi za uongo. Na hadubini yenyewe hukosa vimelea vikiwa vichache sana, kwa hiyo baadhi ya "chanya za uongo" huenda ni wagonjwa wa kweli. Sehemu ya majadiliano ya zoezi inahitaji sababu za namna hii.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye namna watu walivyopatikana. Swali likisema mtafiti alichagua wagonjwa 100 waliothibitishwa na watu 100 wasio na malaria, jedwali litakuwa na 95 na 10 kwenye mstari wa chanya, na ukigawanya utapata 90.5%. Namba inavutia, lakini nusu kwa nusu ile ni ya mtafiti, haikutoka zahanati yoyote. Unyetifu na umahususi unaweza kuvikokotoa hapo bila wasiwasi. Kwa thamani za utabiri, andika kwamba jedwali hilo haliruhusu kuzisoma moja kwa moja, kisha chukua kiwango cha ugonjwa cha eneo husika, jenga jedwali jipya la watu 1,000 kama tulivyofanya juu, na ukokotoe kutoka humo.